Uchambuzi wa kisa: Barua ya kukataa udhamini wa mkopo wa siku 14 kwa wauza dagaa wa Mwanza

Kisa hiki ni cha kweli. Mhusika ameruhusu kisimuliwe kwa sharti kwamba jina lake, jina la kampuni na jina la mwalo wake visitajwe. Viwango vya fedha nimevigeuza kidogo huku nikitunza uwiano wake. Hapa nitamwita Bi. T., mwandishi wa taarifa za soko la dagaa aliyekataa kulipwa na kampuni ya mikopo ya simu ili autangaze mkopo wake kwa wasomaji. Mimi nilihusika kwa sehemu ndogo tu: nilisoma rasimu zake mbili kabla hajatuma barua, na moja kati ya makosa nitakayoyataja nililipitisha mimi mwenyewe.

Usuli

Bi. T. alipima dagaa Mwaloni Kirumba kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuandika. Anachoandika hakina mapambo. Kila Jumatatu na Alhamisi anatoa bei ya gunia na ya sado, hali ya mvua, mialo iliyopata na iliyokosa, na njia za kuanika dagaa wasivunjike wala kuchacha. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wake wanapendelea kusikiliza kuliko kusoma, kila andiko huliambatanisha na sauti ya dakika mbili au tatu. Waliojiandikisha wakati huo walikuwa kama 2,300, karibu wote wanawake wanaonunua dagaa wabichi mwaloni, kuwaanika na kuwauza wakavu. Baadhi wako Ilemela, wengine Sengerema, na idadi nzuri ni wa visiwa vya Ukerewe.

Kazi hiyo ilikuwa haimwingizii kitu. Bando na muda alijigharimia mwenyewe, kwa faida ya kibanda chake cha chakula. Msomaji alikumbuke hilo tutakapofika kwenye kiasi alichokikataa.

Ofa

Afisa masoko wa kampuni ya mikopo ya simu alimpigia asubuhi, akamsalimu "Mwangaluka mayu" kwa lafudhi iliyoonyesha kwamba Kisukuma alijifunzia ukubwani, kisha akaeleza. Kampuni ilitaka maandiko matatu na sauti tatu ndani ya wiki sita. Malipo yalikuwa shilingi 600,000, pamoja na kamisheni ya shilingi 2,000 kwa kila mtu atakayejisajili kwa namba yake na kukopa. Jioni ile ile alitumiwa shilingi 50,000 "ya vocha", ambayo hakuiomba.

Mkopo wenyewe ulikuwa hivi. Mteja anaomba 300,000. Ada ya huduma 36,000 inakatwa papo hapo, kwa hiyo anapata mkononi 264,000. Siku ya 14 anarejesha 330,000. Akichelewa, kila siku ni shilingi 5,000. Ukihesabu kutoka kwenye fedha aliyoishika mteja, siyo ile iliyoandikwa, gharama ni 66,000 juu ya 264,000, yaani asilimia 25 kwa wiki mbili.

Bi. T. alifanya jambo moja la maana mapema: aliomba namba ya leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na yeye alikuwa ameiweka orodha hiyo kwenye simu yake. Kampuni hii haikuwamo, na leseni ilitumwa bila kusitasita. Kwa hiyo njia rahisi ya kukataa, ile ya kusema "ninyi si halali", haikuwepo. Alilazimika kutafuta sababu ya kweli.

Jibu la kwanza

Kabla ya barua kulikuwa na ujumbe mfupi, na ujumbe huo ndio uliomponza. Aliandika: "Kaka, nashukuru sana kwa kunifikiria. Kwa sasa naona bado, maana wasomaji wangu ni watu wa hali ya chini, nahofia marejesho yatawashinda. Mungu akipenda tutafanya siku nyingine."

Baada ya saa mbili ofa ilipanda kutoka 600,000 hadi 900,000.

Ukiusoma ujumbe ule kwa jicho la mtu wa masoko, utaona hakukosea. "Kwa sasa" na "bado" sokoni maana yake ni "ongeza". Mtu anayeuliza bei ya sangara Kirumba akaambiwa "bado mama", haondoki. Anataja bei nyingine. Bi. T. alitaka adabu, akatumia lugha ya kupatana bei, na mwenzake akapatana.

Kosa la pili lilijificha zaidi, na aliligundua usiku akiusoma upya. "Watu wa hali ya chini, marejesho yatawashinda." Miongoni mwa wasomaji wake yumo mama anayezungusha gunia 60 kwa mwezi. Wamo wenye nyumba za kupangisha. Aliwadunisha watu wake ili apate kisingizio, na kisingizio chenyewe kilikuwa cha uongo. Afisa naye alijibu kwa kistaarabu: "Dada, hao hao unaosema hawawezi ndio wateja wetu wazuri Geita na Musoma, wanalipa." Hapo hakuwa na la kusema.

Hesabu ya giza na mbalamwezi

Alikaa siku tatu bila kujibu. Kilichomsaidia ni daftari lake la zamani la mwaloni.

Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Taa huwavuta dagaa pale tu ziwa likiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa kila mahali na taa ya mvuvi haina nguvu. Kwa hiyo mitumbwi inafanya kazi kama siku 20 za giza, halafu inapandishwa ufukweni kama siku 10 za mbalamwezi, nyavu zinashonwa, mwalo unatulia. Fedha ya mwanamke anayeanika dagaa inafuata mzunguko huo huo.

Jambo la pili ni mali kauli. Mnunuzi mkubwa anayepeleka mzigo Kongo au Zambia mara nyingi hachukui kwa taslimu. Anachukua gunia, anaacha ahadi, anarudi baada ya wiki mbili au tatu.

Basi Bi. T. alimweka msomaji mmoja wa kufikirika kwenye kalenda. Mama huyu anaona giza linaelekea kuisha na bei mwaloni imeshuka, akakopa siku ya 16 ya giza. Ananunua usiku wa 16 mpaka wa 19, anaanika, anafunga magunia. Siku ya 20 mitumbwi inapandishwa. Siku ya 21 mzigo unaondoka kwa mali kauli. Siku ya 30 mkopo unaiva, na siku hiyo hiyo giza jipya linaingia: mitumbwi inashuka majini na yeye anahitaji mtaji upya. Fedha ya mnunuzi inafika siku ya 39. Amechelewa siku 9, faini 45,000. Tuseme mzigo wa 264,000 umeuzwa 340,000, na usafiri tuuache nje ya hesabu. Faida ni 76,000. Gharama ya mkopo ni 66,000 na 45,000, jumla 111,000. Mama amepoteza 35,000 kwa biashara iliyokwenda vizuri kabisa, na dagaa hawakunyeshewa hata tone.

Mvua ikinyesha habari ni nyingine. Dagaa wakikaa chini siku ya pili bila jua wanavunjika na kubadilika rangi, na bei yao inakuwa ya chakula cha kuku.

Nilimuuliza, je, anayekopa siku ya kwanza ya giza na kuuza taslimu? Akakubali bila ubishi: huyo anazungusha fedha mara kadhaa kabla ya siku ya 14 na mkopo unaweza kumfaa, ingawa ni ghali. Shida ni kwamba sauti yake ikitoka Jumatatu inawafikia wote 2,300 kwa pamoja, walio siku ya kwanza ya giza na walio siku ya 16, wenye mnunuzi wa taslimu na wenye mali kauli. Hakuna namna ya kumwambia mmoja asimsikie mwingine. Na kamisheni ya 2,000 ilimaanisha kwamba angelipwa zaidi kadiri wanavyokopa wengi, wakiwemo wale wa siku ya 16.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Programu ile haikuwa kwenye Play Store. Mteja alitumiwa kiungo cha faili la `.apk` alipakue mwenyewe. Google hairuhusu kwenye duka lake programu za mikopo inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60 au pungufu, wala hairuhusu programu za mikopo kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu. Hii ya siku 14 iliomba majina hayo wakati wa kusajili. Kila mtu Mwanza anayemjua mtu aliyekopa kausha damu ya simuni anajua majina hayo hutumika vipi: shemeji na mwalimu wa mtoto wanapokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu.

Uamuzi: sababu moja, siyo zote

Rasimu ya kwanza aliyonionyesha ilijaa kurasa mbili. Ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ikaomba radhi mara nne, ikataja riba, majina ya simu, mali kauli, mvua na hata mjomba wake aliyeuziwa shamba. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na zikiwa pamoja zilisomeka kama orodha ya marekebisho: rekebisha hiki na hiki, halafu urudi.

Alichagua kalenda peke yake. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni inaweza kuacha kusoma majina ya simu wiki ijayo na bado mkopo usiwafae wasomaji wake, lakini siku 14 ndizo bidhaa yenyewe. Mimi sikukubaliana naye kabisa, na hata leo suala la majina ya simu ningeliweka, walau kwa sentensi moja. Lakini barua ilikuwa yake.

Uamuzi mwingine ulihusu zile 50,000. Alizirudisha kabla ya kutuma barua, akaongeza ada ya kutuma kutoka mfukoni mwake, na akahifadhi ujumbe wa muamala. Fedha ya mtu ikiwa mkononi mwako, hapana yako ina mkia.

Hii ndiyo barua aliyotuma kwa barua pepe, nikiwa nimeondoa majina tu:

> YAH: OFA YA UDHAMINI WA MKOPO WA SIKU 14
>
> Ndugu,
>
> Sitaandika wala kutoa sauti kuhusu mkopo huu. Uamuzi huu hautegemei kiasi cha malipo, kwa hiyo naomba ofa isiongezwe tena.
>
> Sababu ni moja. Wasomaji wangu wanauza dagaa. Fedha yao inaingia kwa kufuata giza na mbalamwezi, na wengi wanauza kwa mali kauli ya wiki mbili hadi tatu. Mtu akikopa mwishoni mwa giza, siku ya 14 inamkuta mitumbwi ndiyo inashuka na mnunuzi bado hajarudi. Atalipa faini hata kama biashara yake imekwenda vizuri. Siwezi kuwachagua wasomaji watakaolisikia tangazo, kwa hiyo siwezi kulitoa.
>
> Ujumbe wangu wa awali ulisema wasomaji wangu ni watu wa hali ya chini. Nilikosea, na nauondoa. Wana uwezo wa kulipa. Tarehe ndiyo isiyowafaa.
>
> Shilingi 50,000 mlizonitumia nimezirudisha leo, namba ya muamala iko chini. Idadi na namba za wasomaji nilizoulizwa kwa simu sitazitoa.
>
> Endapo siku moja mtakuwa na mkopo ambao marejesho yake yanafuata mwezi, yaani siku 30 au zaidi na faini isiyoanza kabla ya giza jipya, nitaupima kama bidhaa mpya.
>
> Nashukuru kwa muda wako na kwa kunijibu haraka kuhusu leseni.
>
> Wako,
> Bi. T.

Matokeo

Afisa alijibu siku iliyofuata kwa mistari miwili: amepokea, na suala la siku 30 atalifikisha kwa wahusika. Ofa haikupanda tena. Bi. T. aliniambia huo ndio usiku wa kwanza aliolala bila kufikiria zile 900,000, lakini asubuhi alizifikiria tena, kwa sababu ada ya sekondari ya binti yake wa pili ilikuwa inadaiwa.

Hakuna mdhamini mwingine aliyeibuka kumtuza kwa uaminifu wake. Ilipita miezi minne kabla muuza nyavu za kuanikia, zile zinazotandikwa juu ya vichanja, hajamlipa 150,000 kwa andiko moja.

Wiki ya tatu baada ya barua, tangazo la kampuni ile lilitoka kupitia mtu mwingine mwenye wafuasi wengi wa vichekesho. Kichwa chake kilisomeka: "Mkopo unaofuata mwezi, kwa wafanyabiashara wa ziwa." Masharti chini yake: siku 14, ada ileile, faini ileile.

Kilichofaa na kilichoharibika

Sentensi mbili za mwanzo zilifanya kazi yake yote. Ukilinganisha na ujumbe wa kwanza, tofauti haiko kwenye ukali. Barua ina shukrani, ina "Ndugu", haina tusi. Tofauti ni kwamba hapana ilikuja kwanza na mlango wa bei ukafungwa kwa maneno yanayoeleweka. Katika Kiswahili chetu tunazunguka sana kabla ya kukataa, na ana kwa ana mzunguko huo unaeleweka kwa sababu uso unasaidia. Kwenye maandishi uso haupo.

Kukiri kosa la "hali ya chini" nako kulifaa, na kwa sababu ambayo sikuitarajia. Kuliondoa hoja pekee ya maana aliyokuwa nayo afisa. Alikuwa amejiandaa kuthibitisha kwamba wauza dagaa wanalipa, na barua ikamkubalia.

Kilichoharibika ni aya ya mkopo wa siku 30. Hilo ndilo kosa nililolipitisha mimi; niliisoma nikaisifia kwamba inaonyesha nia njema. Kumbe ilikuwa ushauri wa bure wenye maneno matamu ndani yake. "Marejesho yanafuata mwezi" ni lugha ambayo mtu wa mwaloni angeisikia na kuamini kwamba mkopo umetengenezwa na mtu anayejua giza ni nini. Kampuni ilichukua maneno ikaacha masharti. Barua ya kukataa haikuhitaji kueleza bidhaa ipi ingekubaliwa, na kama ilihitaji, ingetosha kusema "siku 30 au zaidi" bila kuipa jina.

Kosa la mapema kuliko yote ni kwamba hakuwa na masharti yaliyoandikwa mahali. Afisa alimwambia, na kwa haki, "Ungesema mapema dada, tusingepotezeana muda." Sasa ana mistari michache anayomtumia kila anayeuliza kabla ya kupokea simu: hapokei kamisheni kwa kichwa, hapokei fedha ya vocha, na mkopo wowote unapimwa kwa tarehe zake za kulipa.

Siku mbili baada ya tangazo lile kutoka, mama mmoja wa Ukerewe alimtumia sauti: "Mwalimu, huo mkopo unaofuata mwezi ndio ule wa kwako? Maana maneno ni ya kwako." Bi. T. alimjibu kwa sauti ya sekunde arobaini aliyoituma kwa wasomaji wote. Hakuitaja kampuni. Alisema kuna mkopo unaitwa wa mwezi ambao unalipwa siku ya 14, akataja kiasi kinachofika mkononi na kiasi kinachorudi, akasema giza hili linaisha lini, na kwamba anayetaka akope akijua tarehe hizo mbili. Jioni afisa alipiga simu kuomba sauti ifutwe. Hakuifuta.